Kipeo cha Takwimu Hupimwa kwa Siku za Mgonjwa

Vipimo vingi vinavyoandikwa hospitalini havina umbo la kengele. Siku za kulazwa, gharama za matibabu, muda wa kusubiri majibu ya maabara na idadi ya vimelea katika damu, vyote hujikusanya upande wa thamani ndogo, kisha huacha mkia mrefu upande wa thamani kubwa. Wagonjwa wengi huruhusiwa baada ya siku chache, lakini mmoja au wawili hukaa mwezi mzima. Mtafiti anayetaka kujua kama dawa mpya inapunguza siku za kulazwa hukutana na mkia huo mapema. Mara nyingi huukata kwa njia moja ya haraka: huchukua logarithi ya kila namba, hutazama mchoro uliosawazika, kisha huandika kwamba data zimerekebishwa na modeli imekuwa bora.

Hoja ya makala haya ni kwamba sentensi hiyo ya mwisho haijathibitishwa bado. Kugeuza tokeo kwa kipeo ni njia halali na yenye historia nzuri. Lakini kuna hukumu mbili tofauti hapa, na desturi ya kuziunganisha ndiyo inayoleta madhara. Ya kwanza ni kuchagua kipeo kinachofaa. Ya pili ni kuamua kama modeli iliyopatikana inajibu vizuri zaidi swali lililoulizwa, na swali la wodini huulizwa kwa siku, kwa saa au kwa shilingi. Halikuulizwa kwa logarithi.

Familia ya vipeo na jaribio la sumu

Mwaka 1964 Waingereza wawili, George Box na David Cox, walichapisha katika jarida la Jumuiya ya Kifalme ya Takwimu makala iliyoweka ugeuzaji wa namna hii katika familia moja. Badala ya mtafiti kuchagua kwa kubahatisha baina ya kipeuo cha pili, logarithi na kinyume cha namba, walionyesha kwamba yote ni vituo katika mstari mmoja. Mstari huo huongozwa na namba moja inayoitwa lambda. Tokeo y hugeuzwa kuwa

```
(y^λ - 1) / λ
```

na lambda ikiwa sifuri, ugeuzaji huwa logarithi ya y. Lambda ikiwa 1, data hubaki kama zilivyo. Ikiwa 0.5, mtu anatumia kipeuo cha pili. Ikiwa −1, anatumia kinyume, yaani 1 kugawanywa kwa y. Kadiri lambda inavyoshuka chini ya 1, ndivyo mkia wa kulia unavyobanwa kwa nguvu zaidi.

Miongoni mwa mifano waliyoitumia kulikuwa na jaribio la wanyama 48 waliopewa sumu. Sumu zilikuwa za aina tatu na tiba za aina nne, hivyo kulikuwa na makundi 12 yenye wanyama wanne kila moja. Kilichopimwa ni muda ambao kila mnyama aliishi. Data hizo ndogo bado hufundishiwa hadi leo, na zina faida kubwa kwa mjadala huu: kila hatua inaweza kukaguliwa kwa kalamu na karatasi.

Tatizo lililokuwamo linaonekana katika makundi mawili. Wanyama waliopewa sumu ya tatu na tiba C waliishi saa 2.3, 2.5, 2.4 na 2.2. Wastani wao ni saa 2.35, na mkengeuko wastani ni karibu saa 0.13 tu. Waliopewa sumu ya pili na tiba B waliishi saa 9.2, 6.1, 4.9 na 12.4. Wastani wao ni saa 8.15, na mkengeuko wastani ni karibu saa 3.4. Wastani umeongezeka mara tatu na nusu, lakini mtawanyiko umeongezeka mara ishirini na sita. Modeli ya kawaida ya regresheni hudhani kwamba mtawanyiko ni sawa kila mahali. Hapa dhana hiyo imevunjika waziwazi.

Kila muda ukigeuzwa kuwa kinyume chake, picha hubadilika. Kundi la kwanza hupata mkengeuko wastani wa karibu 0.023 kwa saa, na la pili karibu 0.055 kwa saa. Tofauti ya mara ishirini na sita imebaki kuwa mara mbili na kidogo. Makundi yenye wanyama wanne wanne hayawezi kudaiwa usawa mkubwa zaidi ya huo.

Kosa la kutazama tokeo badala ya mabaki

Hapa ndipo wengi wanapoteleza kwa mara ya kwanza. Husemwa kwamba tokeo lazima liwe na umbo la kengele kabla ya regresheni. Sivyo. Modeli haidai umbo hilo kwa tokeo lenyewe, bali kwa mabaki, yaani tofauti baina ya kile kilichopimwa na kile modeli ilichokadiria. Muda wa wanyama wote 48 ukichorwa pamoja utaonekana umepinda, lakini sehemu ya mpindo huo hutokana na ukweli kwamba baadhi ya sumu ziliua haraka na nyingine polepole. Modeli iliyopewa aina ya sumu na aina ya tiba tayari inaijua sababu hiyo.

Ndivyo ilivyo pia kwa wagonjwa. Mchoro wa siku za kulazwa wa hospitali nzima unaweza kuwa na mkia kwa sababu tu wagonjwa wa upasuaji mkubwa wamechanganywa na waliolazwa kwa uangalizi wa usiku mmoja. Ugeuzaji uliochaguliwa kwa kutazama mchoro huo unaweza kutibu ugonjwa usiokuwapo. Utaratibu sahihi ni kuandika modeli kwanza, pamoja na mambo yote yanayojulikana kuathiri tokeo, kisha kuuliza ni lambda ipi inayoyafanya mabaki ya modeli hiyo yawe na mtawanyiko ulio sawa na umbo lililo karibu na kengele.

Ndivyo inavyofanya kazi njia ya Box na Cox. Katika programu ya R, mistari michache hutosha, kwa kuwa data za sumu zimehifadhiwa humo:

```
library(MASS)
library(boot)
m <- lm(time ~ poison + treat, data = poisons)
boxcox(m)
```

Kinachotoka ni mchoro wenye kilele kimoja. Kilele ni lambda inayoungwa mkono zaidi na data, na mistari miwili ya pembeni huonyesha mipaka ya asilimia 95. Kwa data hizi kilele kiko karibu na −0.75, na mipaka yake ni takribani −1.13 hadi −0.37. Maana yake ni nzito kuliko kilele chenyewe. Lambda 1 iko nje ya mipaka, hivyo kuacha data bila kuzigusa hakufai. Sifuri nayo iko nje, hivyo logarithi, ambayo wengi wangeichukua bila kuuliza, haikutosha kwa modeli hii. Namba −1 imo ndani.

Kwa nini basi ichaguliwe −1 badala ya −0.75 ambayo ndiyo kilele? Kwa sababu −1 ina maana inayoweza kusemwa. Kinyume cha muda wa kuishi ni kasi ya kufa, na kusema kwamba tiba fulani ilipunguza kasi ya kufa kwa kiasi fulani ni kauli ambayo daktari anaweza kuielewa na kuipinga. Logarithi nayo ina lugha yake: huzungumzia uwiano, kwa mfano kwamba dawa ilipunguza siku za kulazwa kwa asilimia kadhaa. Lakini hakuna muuguzi wala mgonjwa anayeweza kuambiwa kitu chochote kuhusu siku zilizopandishwa kwenye kipeo cha −0.75. Data zinapokubali namba kadhaa ndani ya mipaka, ile inayosemeka ndiyo yenye haki ya kuchukuliwa.

Rula mbili haziwezi kulinganishwa

Baada ya kuchagua kipeo huja swali la pili: je, modeli imekuwa bora? Jibu linalopendwa ni kutazama R², yaani sehemu ya tofauti inayoelezwa na modeli. Katika jaribio la sumu, modeli inayojumlisha athari ya sumu na athari ya tiba ina R² ya 0.65 kwa muda wenyewe na 0.84 kwa kinyume cha muda. Ripoti nyingi zingeishia hapo kwa furaha.

Lakini namba hizo mbili hazizungumzi juu ya kitu kimoja. Ya kwanza inaeleza sehemu ya tofauti za saa, na ya pili inaeleza sehemu ya tofauti za kasi. Kuzilinganisha ni sawa na kumpima mtoto mmoja kwa kilo na mwenzake kwa sentimita, kisha kumtangaza aliyepata namba kubwa kuwa ndiye mwenye afya. Inawezekana kabisa kugeuza tokeo, R² ikapanda, na makadirio ya siku yakawa mabaya zaidi. Onyo hilohilo linahusu AIC inayochapishwa na programu: AIC ya modeli ya `time` na AIC ya modeli ya `1/time` haziwezi kuwekwa bega kwa bega mpaka lifanyike sahihisho la mabadiliko ya kipimo.

Box na Cox walilifanya sahihisho hilo kwa kutumia wastani wa jiometri wa data zote, ambao hapa ni karibu saa 4.25. Kila tokeo lililogeuzwa hugawanywa kwa kiasi kinachotokana na wastani huo, ili mabaki ya lambda zote yarudi kwenye rula moja. Baada ya kufanya hivyo, jumla ya miraba ya mabaki kwa muda usiogeuzwa ni 1.05, data zikiandikwa kwa vizio vya saa 10 kama zilivyochapishwa. Kwa kinyume cha muda ni 0.33. Mabaki yamepungua hadi chini kidogo ya theluthi moja, na safari hii ulinganisho ni wa haki. Huo ni ushahidi wa kweli kwamba ugeuzaji umesaidia.

Kuna ushahidi mwingine katika jaribio hilohilo. Kwa muda wenyewe kulikuwa na dalili hafifu kwamba tiba hufanya kazi tofauti kutegemea sumu, yaani mwingiliano. Kipimo cha F cha mwingiliano huo kilikuwa 1.87. Kwa kinyume cha muda kilishuka hadi 1.09, ambacho hakina uzito wowote. Wakati huohuo kipimo cha F cha sumu kilipanda kutoka 23 hadi karibu 73, na cha tiba kutoka 14 hadi 28. Hadithi imekuwa nyepesi: kila sumu ina kasi yake, na kila tiba hupunguza kasi hiyo kwa kiasi kilekile bila kujali sumu. Hata hivyo tahadhari inahitajika. Mwingiliano unaotoweka kwenye kasi unaweza kubaki kuwa jambo halisi kwenye siku. Mgonjwa aliye hatarini kupoteza siku kumi na aliye hatarini kupoteza siku moja hawapati faida sawa kutokana na dawa inayopunguza kasi kwa kiasi kimoja.

Marejeo ni ngamani

Mabaharia wa pwani husema kwamba mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Anayekwenda kwenye kasi, logarithi au kipeuo atarudi kwenye saa na siku, na ni huko ngamani ndiko modeli inapopaswa kuhukumiwa.

Kwa data za sumu marejeo hayo yanaweza kuonwa kwa macho. Katika kundi la sumu ya tatu na tiba A, wanyama waliishi saa 2.2, 2.1, 1.8 na 2.3, wastani ukiwa saa 2.1. Modeli ya kujumlisha iliyotumia saa moja kwa moja inakadiria kwamba kundi hilo litaishi saa 1.1. Hakuna mnyama hata mmoja aliyekufa mapema kiasi hicho. Modeli ya kinyume, makadirio yake yakirudishwa kwenye saa, inatoa saa 2.13. Katika kundi la sumu ya tatu na tiba C, modeli ya saa inakadiria 1.9 na ile ya kinyume 2.4, ilhali wastani halisi ni 2.35. Upande wa muda mfupi, ugeuzaji umeshinda bila ubishi.

Upande wa muda mrefu mambo ni tofauti. Kundi la sumu ya kwanza na tiba B liliishi wastani wa saa 8.8. Modeli ya saa inakadiria 8.1, na ya kinyume 9.6, zote zimekosea kwa kiasi kinachokaribiana. Kundi la sumu ya pili na tiba B, lenye wastani wa saa 8.15, linakadiriwa kuwa saa 7.4 na modeli ya saa, lakini saa 6.6 na modeli ya kinyume. Hapa modeli iliyosifiwa kwa haki katika sehemu iliyotangulia imekuwa mbali zaidi na wastani.

Sehemu ya sababu haimo katika data bali katika njia ya kurudi. Wastani wa kinyume, ukigeuzwa tena, hauwi wastani wa namba za mwanzo. Kwa wanyama wanne wa kundi hilo, wastani wa saa zao ni 8.15, lakini mtu akichukua kinyume cha kila muda, akatafuta wastani, kisha akageuza tena, atapata saa 7.2. Hakuna kosa la hesabu. Ni sifa ya ugeuzaji wowote unaobana mkia: thamani kubwa hupunguziwa uzito, na zikirudishwa hazirudishiwi uzito wake wote.

Wodini, tofauti hiyo ina bei. Chukua wagonjwa kumi wa kubuni, kwa ajili ya hesabu tu, waliolazwa siku 1, 2, 2, 3, 3, 4, 4, 6, 9 na 26. Jumla ni siku 60, hivyo wastani ni siku 6. Mtafiti anayechukua logarithi, akatafuta wastani wake, kisha akarudi kwenye siku, anapata 3.9. Namba hiyo iko karibu na thamani ya kati, ambayo ni siku 3.5. Akimwambia mgonjwa mpya kwamba watu walio kama yeye kwa kawaida hukaa karibu siku nne, amesema jambo la maana. Lakini meneja wa hospitali akiichukua namba hiyohiyo kupanga vitanda, atawatengea wagonjwa kumi siku 39 za kitanda. Siku zilizotumika kweli ni 60. Zile 21 zilizokosekana hazikupotea. Ni siku za mgonjwa aliyekaa 26, na atakayelala sakafuni kwa ajili yake ni mtu halisi.

Mwaka 1983 Naihua Duan alichapisha dawa ya tatizo hili ambayo bado inatumika. Kwa modeli ya logarithi, mabaki yote hurudishwa kutoka kwenye logarithi, wastani wake hutafutwa, na makadirio huzidishwa kwa wastani huo. Kwa wagonjwa kumi waliotajwa, kizidisho hicho ni karibu 1.54, na 3.9 zikizidishwa kwa 1.54 hurudi kuwa siku 6. Dawa hiyo ina sharti lake: huaminika pale ambapo mtawanyiko wa mabaki kwenye logarithi ni uleule kwa makundi yote. Ikiwa wagonjwa wa kisukari wana mtawanyiko mkubwa kuliko wengine hata baada ya logarithi, kizidisho kimoja kwa wote kitawapunja wao na kuwazidishia wengine. Kila kundi litahitaji kizidisho chake, au njia nyingine kabisa.

Wakati wa kuacha data zilivyo

Wapo wanaosema kwamba vurugu zote hizi hazina haja. Hoja yao ni kwamba sampuli ikiwa kubwa, wastani hutulia wenyewe, na modeli ya siku bila ugeuzaji hutoa makadirio yanayofaa. Hoja hiyo ina nusu ya ukweli. Sampuli kubwa huutuliza wastani, lakini haiondoi mtawanyiko usio sawa, wala haimrekebishi mtu aliyekadiria saa 1.1 kwa kundi lililoishi saa 2.1. Modeli yenye umbo lisilo sahihi hubaki hivyo hata ikipewa wagonjwa elfu kumi.

Nusu iliyo kweli ndiyo inayopaswa kuheshimiwa. Swali likiwa ni wastani, kama ilivyo kwa bajeti, dawa za kuagizwa na idadi ya vitanda, mara nyingi ni salama zaidi kuziacha siku kama zilivyo na kuibadilisha modeli badala ya tokeo. Regresheni ya gama yenye kiungo cha logarithi hufanya hivyo. Huruhusu mtawanyiko ukue pamoja na wastani, hutoa matokeo kwa lugha ya uwiano, na wakati wote hukadiria wastani wa siku, hivyo hakuna safari ya kurudi wala kizidisho. Swali likiwa ni mgonjwa wa kawaida atakaa muda gani, au kama tiba inaharakisha kupona, ugeuzaji uliochaguliwa vizuri unaweza kuwa jibu bora.

Kuna pia mambo ambayo hakuna kipeo kinachoyatibu. Mgonjwa aliyelazwa na kuruhusiwa siku hiyohiyo huandikwa sifuri, na sifuri haina logarithi wala kinyume. Desturi ya kumwongezea kila mtu siku moja ili hesabu ikubali si ya bure: anayeongeza 1 na anayeongeza 0.1 wanaweza kupata lambda tofauti na hitimisho tofauti. Anayelazimika kufanya hivyo anawajibika kuonyesha matokeo ya zaidi ya nyongeza moja. Mgonjwa aliyefariki siku ya pili naye ana namba ndogo, lakini siku zake mbili si sawa na siku mbili za aliyepona. Vivyo hivyo kwa aliyehamishiwa hospitali nyingine kabla ya kupona. Data za namna hiyo zinahitaji mbinu za uchambuzi wa muda wa kuishi, na kuzibana kwa kipeo ni kuzificha.

Kwa hiyo ripoti inayodai kwamba ugeuzaji umeboresha modeli inadaiwa na wasomaji wake mambo manne. Ieleze lambda na mipaka yake, na kwa nini namba iliyotumika ilichaguliwa miongoni mwa zilizokubalika. Ionyeshe mchoro wa mabaki dhidi ya makadirio, kabla na baada, ili kila mtu aone kama mtawanyiko wenye umbo la tarumbeta umenyooka. Ilinganishe modeli kwenye rula moja, wala isitegemee R² za vipimo viwili. Mwisho, irudi kwenye siku: iweke makadirio kando ya thamani halisi kwa kila kundi, vizuri zaidi kwa wagonjwa ambao hawakutumika kujenga modeli, na iseme wazi kama namba inayotolewa ni wastani au ni thamani ya kati.

Mhudumu wa afya anayesoma ripoti hahitaji kuwa mtaalamu wa hesabu ili kudai hilo la nne. Inatosha kuuliza: siku hizi nne zilizoandikwa hapa, zikizidishwa kwa idadi ya wagonjwa, zinatoa siku za kitanda zilizotumika kweli? Mgonjwa naye ana haki ya kuuliza kama namba aliyoambiwa ni ya mtu wa katikati, na wale waliokaa muda mrefu walikuwa wangapi. Ripoti ambayo haina majibu ya maswali hayo imechagua kipeo tu. Bado haijaonyesha kwamba modeli yake ni bora.